Kupanga alama ya kufaulu, swali kwa swali

Aliyesoma Butembo, Beni au Kasindi anaijua namba 50 tangu utotoni. Mzazi akipokea buletini macho yake yanatafuta asilimia kwanza: ikifika 50 mtoto amepita, ikiwa 49 nyumba nzima inanuna. Mazoea hayo tunatoka nayo shuleni. Ukipewa kazi ya kutunga mtihani wa mwisho wa mafunzo ya wauguzi au ya wapima joto wa mpakani, unatunga maswali, kisha unaandika juu ya karatasi kwamba anayefaulu ni mwenye asilimia 50, wala huyarudii maswali kuona kama namba hiyo inayafaa.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Ukitunga maswali mepesi, hata asiyejua kazi atavuka 50. Mwaka unaofuata mwenzako akitunga magumu, wanaojua kazi wataanguka. Watu ni walewale, kazi ni ileile, ila karatasi imebadilika. Mwongozo huu unakuonyesha njia ya kuitoa alama ya kufaulu ndani ya maswali yenyewe: unawakusanya watu wanaoijua kazi, na kwa kila swali wanakadiria jinsi ambavyo mtahiniwa anayestahili kufaulu kwa shida angelijibu. Njia hiyo inaitwa kwa jina la William Angoff, mtaalamu wa vipimo wa Marekani, aliyeieleza mwaka 1971 katika sura ndefu iliyohusu mambo mengine kabisa. Sehemu inayotumika zaidi leo, ile ya kukadiria kwa asilimia, aliiweka katika tanbihi chini ya ukurasa, na wazo lenyewe alisema amelipata kwa mwenzake Ledyard Tucker.

Tuchukue mfano wa Kasindi. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 waliandikishwa na 2,287 walifariki, wengi wao katika maeneo ya Beni, Butembo na Katwa. Kasindi iko mpakani, ng'ambo yake ni Mpondwe ya Uganda, na kila aliyepita kwenye bariyeri alinawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto. Juni 2019 ugonjwa ulivuka hata hivyo: familia moja iliyotoka Congo iliingia wilaya ya Kasese ikiwa na mtoto mgonjwa. Tangu hapo Butembo na Beni zimepata milipuko mingine, na kila mara watu wapya wanafundishwa kwa siku chache kisha wanapelekwa bariyeri. Tuseme basi wewe ndiye msimamizi wa mafunzo hayo. Una mtihani wa maswali 20, kila moja lina majibu manne ya kuchagua, na unatakiwa kusema ni pointi ngapi zinatosha. Namba nitakazotumia kuanzia hapa ni za mfano. Zifuate kwa karatasi na kalamu.

Anza na waamuzi. Usiwachukue madaktari watupu. Daktari aliyesoma miaka mingi amesahau jinsi mambo haya yanavyokuwa magumu kwa mtu aliyemaliza sekondari mwezi uliopita, kwa hiyo atadhani kila swali ni jepesi. Unamtaka muuguzi msimamizi wa kituo cha afya, mtu wa usafi anayechanganya klorini kila asubuhi, msimamizi wa bariyeri, mwalimu wa mafunzo, na mtu mmoja wa zoni ya afya. Sifa ni moja: awe amewaona kwa macho watu wa ngazi hiyo wakifanya kazi, wazuri na wabaya. Kwa mtihani mkubwa wa taifa huwa wanatafutwa waamuzi 10 hadi 15. Kwa mtihani wa Kasindi utapata watano, na watano wanatosha kuanza, mradi usijidanganye kwamba namba yao ni sahihi kabisa. Nitarudi kwenye hilo.

Kabla ya kuwaonyesha maswali, wape saa nzima ya kumchora mtu mmoja: mtahiniwa wa ukingoni. Huyu si mtahiniwa wa wastani, na kosa la kuwachanganya wawili hao ndilo linaloharibu vikao vingi. Mtahiniwa wa wastani ni yule unayemkuta ukichukua kundi lote; likiwa kundi zuri, yeye ni mzuri. Mtahiniwa wa ukingoni ni yule ambaye ungemweka bariyeri ukiwa na wasiwasi kidogo, lakini ungemweka. Akipungukiwa kidogo tu usingemweka.

Andikeni ubaoni anachoweza na asichoweza. Kwa mfano: anajua kwamba Ebola inaweza kuchukua siku 2 hadi 21 kabla ya kuonekana. Anasoma kipimajoto vizuri na anajua kwamba kuanzia nyuzi 38 anamtenga mtu na kumwita msimamizi. Anajua kuna maji ya klorini makali na mepesi, lakini kipimo cha kuchanganya huenda akakikosea ikiwa hajawahi kupangwa kwenye ndoo. Hawezi kujibu hoja ndefu za msafiri mbishi, ila anajua asimguse. Maneno kama "ana uelewa wa kutosha" yafuteni. Hayamsaidii mtu kukadiria chochote. Mkimaliza, acheni maandishi hayo ubaoni mpaka mwisho wa kazi, maana baada ya swali la kumi kila mwamuzi huanza kumfikiria mtu wake wa nyumbani.

Hatua inayofuata wengi wanairuka: waamuzi wafanye mtihani wenyewe, bila majibu, kwa muda uleule wa watahiniwa. Mwamuzi aliyekosa maswali mawili hukadiria kwa heshima zaidi. Pia hapa ndipo maswali mabovu yanapojitokeza. Swali likiwa na majibu mawili yanayokubalika, litoeni au lirekebisheni sasa. Vivyo hivyo kwa lugha. Kasindi mtu anaongea Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, Kifaransa amekisoma shuleni kwa viwango tofauti. Ikiwa swali la klorini limeandikwa kwa Kifaransa kigumu, mwamuzi atasema wa ukingoni wataanguka, na atakuwa amesema kweli, lakini wataangushwa na Kifaransa. Dawa si kuweka makadirio ya chini. Andikeni swali upya kwa lugha ambayo kazi inafanyika.

Sasa makadirio. Kila mwamuzi, peke yake na kimya, anasoma swali na kujiuliza: wakija watu 100 kama yule wa ubaoni, wangapi watalipata? Anaandika namba. Wangapi *watalipata*, si wangapi wanapaswa kulipata. Tofauti hiyo inaonekana ndogo lakini inasogeza alama nzima. Anayekadiria kwa "wanapaswa" huandika 95 kwenye kila jambo la maana, na mwisho anapata alama ya kufaulu ambayo hata wafanyakazi wake wa sasa hawaifikii. Mkumbushe pia juu ya kubahatisha: kwa majibu manne, mtu asiyejua kitu anapata kama 25 kati ya 100. Lakini hiyo si sakafu. Swali lenye jibu la uongo linalovutia linaweza kumshusha mtu wa ukingoni chini ya 25, maana anajua nusu ya jambo na nusu hiyo inampeleka pabaya.

Swali la ndoo linaonyesha hayo yote. Linauliza: una unga wa klorini wa asilimia 70 na ndoo ya lita 20, ili kupata maji ya kunawa mikono, unaweka vijiko vikubwa vingapi? Majibu ni 1, 5, 10 na 20. Jibu sahihi ni kijiko 1, kinachotoa maji ya asilimia 0.05. Vijiko 10 vinatoa maji makali ya asilimia 0.5, yale ya kusafishia sakafu na vifaa. Hapo ndipo mtego: aliyesikia "vijiko kumi" mara nyingi darasani atachagua 10 kwa ujasiri.

Katika raundi ya kwanza msimamizi wa bariyeri ameandika 90, muuguzi msimamizi 35, wengine 50, 60 na 70. Wenye namba za mbali ndio wanaoanza kueleza. Msimamizi anasema, "Hilo tunalifundisha kila asubuhi." Muuguzi anamjibu, "Papa, wewe unawaona wa ndoo. Hawa wa kipimajoto wanakaa miezi hawajashika kijiko." Mtu wa usafi anaongeza kwamba hata wa ndoo wanafuata alama iliyochorwa kwenye kopo, hawahesabu. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo faida ya kukaa pamoja. Usitafute mshindi wala usilazimishe waafikiane. Baada ya dakika tano kila mmoja anaandika namba yake ya pili, kimya tena. Anayetaka kubaki pale alipokuwa abaki.

Kati ya raundi mbili, kama una majibu ya watu waliofanya maswali haya zamani, yaonyeshe. Tuseme kati ya watu 40 wa mafunzo yaliyopita, 24 walilipata swali la ndoo, yaani asilimia 60. Namba hiyo ni ya kundi lote. Ikiwa kundi lile lilikuwa zuri na wengi walistahili kufaulu, wa ukingoni wako chini ya 60, na mwenye 90 ana jambo la kufikiri. Ikiwa kundi lilikuwa dhaifu, wa ukingoni wanaweza kuwa juu ya 60. Eleza hivyo kabla ya kuonyesha namba, la sivyo waamuzi wataiga namba ya karatasi na utakuwa umepima kundi la mwaka jana badala ya kiwango cha kazi. Msizungumze maswali yote 20 kwa kina kimoja. Yale ambayo waamuzi wametofautiana kwa zaidi ya 20 au 25 yanatosha kujaza asubuhi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa kila mwamuzi unajumlisha makadirio ya maswali yote na kugawa kwa 100; unapata pointi ambazo, kwa maoni yake, mtu wa ukingoni angezipata. Katika raundi ya kwanza waamuzi wetu watano wana 10.9, 14.6, 12.7, 16.3 na 11.5. Wastani ni 13.2. Katika raundi ya pili wana 12.4, 13.1, 12.8, 14.0 na 12.2, na wastani ni 12.9. Kwa kukaribisha kwenye namba nzima iliyo jirani, alama ya kufaulu ni 13 kati ya 20, yaani asilimia 65. Kanuni ya kukaribisha iandikwe mapema, kabla ya mtu yeyote kuona majina ya watahiniwa.

Sasa ujue namba hiyo inayumba kiasi gani. Chukua mchepuko sanifu wa jumla za waamuzi, ugawe kwa kipeuo cha pili cha idadi yao. Ukiwa na kompyuta, weka jumla tano katika seli B22 hadi F22 na uandike:

```
=AVERAGE(B22:F22)
=STDEV(B22:F22)/SQRT(5)
```

Kwa raundi ya kwanza inatoka pointi 1.0, kwa raundi ya pili, 0.3. Maana yake, ungeita waamuzi wengine watano wa aina hiyohiyo, wastani wao ungeweza kupanda au kushuka kwa kiasi kama hicho. Wengi wanafurahia ile 0.3 na kuiandika kwenye ripoti. Mimi naiamini zaidi 1.0. Baada ya kusikilizana, waamuzi si tena watu watano wanaofikiri kila mmoja kivyake. Wamevutana kuelekea katikati, na sehemu ya huko kukaribiana ni adabu tu kwa mkubwa aliyepo chumbani. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu wa zoni ya afya akiwa bosi wa wengine, aongee wa mwisho.

Kuna udhaifu mwingine ambao hesabu hii haiuonyeshi kabisa. Watu hukadiria vibaya. Mwelekeo unaoonekana mara nyingi ni kwamba makadirio yanakimbilia katikati: swali gumu sana waamuzi wanaliona la wastani, na jepesi sana wanalishusha. Watafiti Impara na Plake walichapisha mwaka 1998 uchunguzi juu ya walimu wa sayansi wa darasa la sita nchini Marekani, walimu waliokuwa wakikadiria wanafunzi wao wenyewe, na hata hao hawakuwa sahihi. Kwa wanafunzi wa ukingoni walikosea zaidi kuliko kwa darasa zima. Kama unaona waamuzi wako wanaandika 60, 65, 60, 65 karatasi nzima, hawakadirii tena. Waache wapumzike, au uwape njia nyepesi: kwa kila swali waseme tu kama mtu wa ukingoni atalipata au hatalipata, halafu uhesabu "atalipata." Ni njia ghafi zaidi, lakini watu wanaielewa upesi, na kwa kweli ndiyo ambayo Angoff aliiandika katika maandishi yenyewe juu ya ile tanbihi.

Ukishapata 13, usiitangaze siku hiyohiyo. Itazame dhidi ya matokeo: kwa alama hiyo, wangapi watafaulu? Ikiwa kati ya watu 40 wanafaulu watatu tu, na wakufunzi wanaapa kwamba zaidi ya nusu wako tayari, kuna kitu kimekosewa, na mara nyingi ni ile picha ya ubaoni iliyopanda hadi kuwa mtahiniwa hodari. Rudieni picha, kisha makadirio. Lakini usikubali kushusha alama kwa sababu bariyeri inahitaji watu 30 kesho. Hiyo ni hesabu ya nafasi za kazi. Mwenye mamlaka anaweza kuamua hivyo, basi aandike kwa jina lake kwamba amechukua watu walio chini ya kiwango, na alama ibaki 13.

Mwenye mamlaka anaweza pia kuisogeza kwa sababu halali, kwa kupima kosa lipi linauma zaidi. Kumfelisha anayejua kunamgharimu siku mbili za kurudia mafunzo. Kumpitisha asiyejua, mahali kama Kasindi, kunaweza kugharimu zaidi ya hapo. Na mtihani wenyewe wa maswali 20 unayumba kuliko waamuzi: mtu wa kiwango cha 13 akifanya karatasi nyingine inayofanana anaweza kupata 11 au 15 kwa bahati ya maswali. Ningependa hivi: wenye 15 na zaidi wapite, wenye 11 na chini warudie, na wenye 12, 13 au 14 wapelekwe kwenye ndoo na kipimajoto, msimamizi awatazame wakifanya kazi. Ni kundi dogo, na ndilo ambalo karatasi haiwezi kuliamua.

Jambo moja njia hii hailiwezi. Jumla ya pointi inaruhusu mtu kufidia: anaweza kukosa swali la kumtenga mwenye homa na akafaulu kwa kujua vizuri historia ya ugonjwa. Kwa mambo mawili au matatu ambayo kuyakosa ni hatari, weka sharti la pekee nje ya jumla, na uyapime kwa vitendo badala ya swali moja la kuchagua. Yakizidi matatu, utajikuta unawafelisha watu wazuri kwa makosa ya bahati mbaya, na makadirio yote uliyofanya hayana kazi tena.

Mwisho, hifadhi karatasi: picha ya mtahiniwa wa ukingoni kama ilivyoandikwa, nafasi ya kila mwamuzi, makadirio ya raundi zote mbili, na sababu za mabadiliko makubwa. Mtahiniwa akilalamika, au mkaguzi akiuliza 13 ilitoka wapi, unamfungulia faili. Lakini faida yake kubwa inaonekana katika mafunzo yajayo. Maswali huvuja, baada ya mwezi yako kwenye simu za watu kuanzia Kasindi hadi Oicha. Unatoa manne yaliyovuja, ambayo kwa pamoja waamuzi waliyapa 2.9, unaweka mengine manne magumu zaidi ambayo waamuzi walewale, wakitazama picha ileile, wameyapa 2.1. Alama inashuka kutoka 12.9 hadi 12.1, na mwaka huo anayefaulu ni mwenye pointi 12. Atakayelalamika kwamba mmelegeza mtihani, mwonyeshe yale maswali manne mapya na umwombe akadirie mwenyewe.